Mashine Ilininyima, Akaunti Ikakatwa: Barua Iliyorudisha 12,000 Zangu

Wasee, kuna sauti moja ATM hutoa ikihesabu pesa. Ile trrrr. Ukiisikia unajua doh iko njiani. Sasa fikiria usikie hiyo trrrr, halafu kimya, halafu skrini ikuambie samahani, muamala haukukamilika, chukua kadi yako. Mdomo wa pesa haujafunguka hata kidogo. Unachukua kadi, unageuka kuondoka, simu inalia. Meseji ya benki: umetoa 12,000.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, tarehe 31 Mei 2024, saa moja na dakika arobaini na mbili usiku, kando ya Thika Road. Akaunti yangu ilikuwa na 13,480. Baada ya hiyo trrrr ilibaki 1,445. Yaani 12,000 ambazo sikuziona, na juu yake 35 za ada ya kunihudumia. Kunihudumia na nini sasa?

Wanaonifuata wanajua mimi huuza viatu vya mtumba. Jumamosi alfajiri nilikuwa niko Gikomba kuchagua kamera, zile za kwanza kabisa kabla watu hawajazipekua. Muuzaji wangu hachukui pesa za simu, ashachezwa na watu wa kutuma halafu wanarivasi. Ni keshi ama uende. Na hizo 12,000 hazikuwa zangu zote. Saba zilikuwa za mamangu, alinikopesha kutoka kwa chama chake, na kila Jumapili alikuwa anatakiwa arudishe kidogo. Kwa hivyo nilisimama pale mbele ya mashine nikihisi nimeiba pesa za mama.

Kitu kimoja tu nilifanya vizuri usiku huo: sikujaribu tena. Mlinzi aliniambia, "Jaribu tena kijana, hii huwa inasumbua." Ningekuwa na pesa nyingine kwa akaunti na nijaribu, labda saa hii ningekuwa nadai 24,000. Ikishakukata na haijakupa, wachana na hiyo mashine.

Jumamosi ilikuwa Madaraka, benki imefungwa. Jumatatu asubuhi nilikuwa mtu wa kwanza mlangoni. Dada wa kaunta akaniambia kwa upole nirudi nyumbani ningoje, pesa hujirudisha zenyewe. Nilikuwa nimekuja na barua. Niliiandika Jumapili usiku nikiwa na hasira, kurasa mbili. Ndani yake kulikuwa na neno "wezi" mara nne, kulikuwa na mamangu, chama, uchumi wa nchi na jinsi vijana tunavyonyanyaswa. Wakaichukua. Jumatano nikarudi, hakuna aliyejua iko wapi.

Hapo ndipo nikampigia shangazi. Shangazi yangu alifanya kazi benki miaka mingi, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kufungua hizo mashine, kuhesabu zilizobaki na kujaza upya. Nikamsomea barua yangu kwa simu. Akacheka hadi nikakasirika.

"Mwanangu," akaniambia, "hiyo barua umemwandikia nani? Atakayekurudishia pesa si meneja. Ni mtu fulani amekaa makao makuu na orodha ndefu ya miamala, anatafuta laini moja. Wewe umempa machozi. Mpe laini."

Halafu akanieleza vile inaenda. Ukibonyeza 12,000, mashine haitoi kwanza. Inauliza mtambo mkuu wa benki kama uko nazo. Mtambo unakubali na papo hapo unakata akaunti yako. Ndiyo mashine inaanza kuhesabu noti. Noti zikikwama, ama mbili zikishikana, mashine inazitupa kwa sanduku la ndani la noti zilizokataliwa, halafu inatuma ujumbe kwa mtambo: sijatoa, mrudishie mwenyewe. Siku nyingi huo ujumbe unafika na pesa zinarudi hata kabla hujatoka kwa hicho kibanda. Lakini netiweki ikipotea hapo katikati, mtambo unabaki ukijua umelipwa na mashine inajua hujalipwa. Wewe uko katikati ya mashine mbili ambazo hazijaelewana.

Ushahidi upo mahali pawili. Kwanza, mashine huwa na daftari lake la kielektroniki, linaandika kila hatua: kadi imeingia saa ngapi, imeombwa ngapi, noti ngapi zimetoka, hitilafu ni ya aina gani. Pili, siku ya kuifungua, hesabu lazima ilingane. Ikiwa mtambo unasema nilipewa 12,000 na sikupewa, basi ndani ya mashine kutakuwa na 12,000 za ziada. Shangazi akasema, "Pesa yako haijapotea. Imekaa tu kwa sanduku, inangoja mtu aambiwe mahali pa kuangalia."

Kwa hivyo tukaandika upya. Hii ndiyo barua yenyewe, niliyopeleka Alhamisi tarehe 6 Juni, nikituma nakala pia kwa barua pepe:

"Kwa Meneja wa Tawi. KUH: MUAMALA WA ATM ULIOFELI NA AKAUNTI KUKATWA SH. 12,000.

Mimi ni mteja wenu. Jina langu na namba ya akaunti ziko hapo juu, na kadi yangu inaishia na tarakimu nne nilizoandika hapo. Tarehe 31 Mei 2024, saa 1:42 usiku, niliomba Sh. 12,000 kwenye mashine yenu ambayo namba yake na namba ya kumbukumbu ya muamala ziko kwenye risiti niliyoambatisha.

Nilisikia mashine ikihesabu. Mlango wa pesa haukufunguka. Hakuna noti hata moja iliyotoka. Skrini iliandika kwamba muamala haukukamilika na kadi ikarudi. Dakika hiyo hiyo nilipokea ujumbe kwamba nimetoa Sh. 12,000. Akaunti ilikatwa pia ada ya Sh. 35. Sikujaribu tena.

Naomba mkague daftari la kielektroniki la mashine hiyo kwa wakati huo, hesabu ya pesa ilipofunguliwa baada ya tarehe hiyo, pamoja na sanduku la noti zilizokataliwa. Mkithibitisha, mnirudishie Sh. 12,035. Mkikataa, naomba sababu kwa maandishi pamoja na nakala ya rekodi mliyotegemea.

Nimeambatisha risiti, picha ya ujumbe wa simu na taarifa ya akaunti ya siku hiyo."

Basi. Haifiki hata ukurasa. Hakuna tusi, hakuna mama. Nilibeba nakala mbili, moja nikaomba wapige muhuri wa kupokelewa na tarehe, nikaenda nayo nyumbani. Huo muhuri ndio uliokosekana kwa barua ya kwanza, ndiyo maana ikapotea kama haikuwahi kuwepo. Wakanipa na namba ya lalamiko.

Angalieni ile sentensi ya mlango wa pesa. Nilitaka kuiacha, shangazi akakataa. Kuna tofauti kati ya pesa ambazo hazikutoka, pesa zilizotoka nusu, na pesa zilizochungulia nje halafu mashine ikazivuta ndani kwa sababu ulichelewa kuzichukua. Zote zinaacha alama tofauti kwa rekodi. Ukisema tu "sikupata pesa", anayekagua hajui atafute gani. Na kuna ya nne, mbaya zaidi: wezi hubandika kitu kwenye mdomo wa mashine kinachonasa noti, wewe ukiondoka wanakuja kuzichomoa. Hapo daftari litasema noti zilitoka sawa, na ndani hakuna ziada. Msaada unaobaki ni picha za kamera, na hizo hazihifadhiwi milele. Kwa hivyo ukiona mdomo wa mashine umelegea ama una kitu cha ajabu, usiondoke. Piga namba iliyo nyuma ya kadi ukiwa umesimama hapo hapo.

Jumanne tarehe 11 nikajibiwa. Mstari mmoja: "Uchunguzi umeonyesha muamala ulifaulu." Manze, nilikaa chini. Nikataka kurudia kurasa mbili za hasira. Shangazi akauliza swali moja tu: "Wamesema ulifaulu kwa rekodi gani?" Kwa sababu rekodi ya mtambo mkuu lazima iseme ulifaulu, si ndiyo iliyonikata? Hiyo si uchunguzi, ni kusoma tena kitu kile kile ninacholalamikia. Nikajibu kesho yake, nikataja namba ya lalamiko, nikauliza: je, mlilinganisha na daftari la mashine na hesabu ya pesa zilizokuwa ndani? Nikaongeza kwamba Katiba, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro za huduma, na nisiporidhika nitapeleka lalamiko Benki Kuu ya Kenya. Sikutisha zaidi ya hapo. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, inasikiza kesi za hadi shilingi milioni moja na unaweza kujisimamia bila wakili, lakini hiyo niliiweka mfukoni.

Ijumaa tarehe 14 Juni, wiki mbili kamili, simu ikalia: 12,000 zimerudi. Baadaye wakaniandikia kwamba mashine ilikuwa na ziada ya kiasi hicho hicho. Na hii ilikuwa mashine ya benki yangu mwenyewe. Ukitumia kadi kwa mashine ya benki nyingine, lalamika bado kwa benki yako, lakini jiandae kungoja zaidi, kwa sababu rekodi iko kwa wenyewe na lazima waombwe.

Onyo moja kabla sijamaliza. Katikati ya hayo yote nilikuwa nimelalamika mtandaoni, nikataja benki. Ndani ya dakika kumi akaunti yenye nembo ya benki ikaniandikia inbox: "Pole mteja wetu, tutumie namba ya kadi na PIN turudishe pesa." Nilikuwa karibu. Mtu mwenye hasira na mwenye haraka ndiye matapeli wanamtafuta. Hakuna mahali kwa barua yangu palihitaji PIN, na hakuna mtu wa benki aliyeniuliza.

Mama nilimrudishia saba zake jioni hiyo. Zile wiki mbili alikuwa amelipa chama kutoka kwa pesa za unga, na hakuniambia mpaka siku hiyo. Hiyo hakuna benki itanirudishia.

Halafu nikaangalia akaunti vizuri. 12,000 zilirudi. Zile 35 hazikurudi. Nikaandika barua nyingine, sentensi mbili, namba ya lalamiko juu. Dada wa kaunta akaisoma, akaniangalia, akaigonga muhuri bila kusema kitu.

Jumatano yake 35 zikaingia.