Mechi 11 kati ya 13, na tulipata bob 214

Wasee, leo nawaambia kitu nimekuwa nikificha. Semesta iliyopita, mimi na rumi wangu tulichukua 1,600 ya kujaza gesi tukaiweka yote kwa jakipoti ya mechi 13. Tiketi moja ilikuwa bob 50, lakini sisi tulijiona wajanja. Mechi tano tulizipiga dabo, yaani kila moja tukaichagulia matokeo mawili badala ya moja. Kila dabo inazidisha bei mara mbili, so dabo tano zinakuwa tiketi 32. 32 mara 50 ndiyo hiyo 1,600.

Jumapili usiku tulikuwa na 11. Mechi mbili ziliisha sare na sisi tulikuwa tumepea timu ya nyumbani. Hatukulia sana, kwa sababu bonasi ilikuwa inaanzia 11 na kampuni ilikuwa imetangaza laki sita kwa wenye 11. Rumi akaanza kuchagua viatu. Jumatatu meseji ikaingia: bob 214.

Kwanza nilidhani tumeibiwa. Halafu nikachukua karatasi. Ile laki sita haikuwa ya kila mtu, ilikuwa ya kugawana. 600,000 ukigawa kwa 214 unapata kama tiketi 2,800. Hizo zote zilikuwa na 11 kama sisi! Na nikiangalia matokeo ya wikendi hiyo naelewa. Timu ambazo kila mtu alidhani zitashinda, karibu zote zilishinda. Sisi tulichagua kama kila mtu, tukapatia kama kila mtu, tukagawana na kila mtu.

Sasa tuongee kuhusu kupatia zote. Mechi moja ina matokeo matatu: nyumbani, sare, ugenini. Ukichagua ukiwa umefunga macho, mechi 13 zina njia 1,594,323 za kuisha, na yako ni moja. Utaniambia wewe huchagui ukiwa umefunga macho, unajua boli. Sawa. Tuseme unajua sana, kila mechi unapatia nusu ya wakati. Hapo nakubeba, kwa sababu mechi za jakipoti huwa za timu zinazokaribiana nguvu. Hata hivyo, nusu mara nusu mpaka 13 inakupa nafasi moja kati ya 8,192.

Na hapa ndipo rumi wangu hanielewi. Yeye husema, "Bro, tulikaribia, zilibaki mbili tu." Lakini kwa hesabu hiyo hiyo, katika kila tiketi 8,192, moja inapata zote 13, kama 13 zinapata 12, na kama 78 zinapata 11. Kwa hivyo kwa kila mtu mmoja anayebeba jakipoti, kuna 78 wanaoambia marumi wao kwamba walikaribia. Hiyo 11 haionyeshi kwamba wiki ijayo ni yetu. Ni kitu cha kawaida kabisa.

Na zile dabo zetu je? Dabo inafunika matokeo mawili kati ya matatu, so tuseme nafasi yako kwa hiyo mechi inapanda kutoka asilimia 50 hadi 75. Hiyo ni mara moja na nusu. Lakini bei imepanda mara mbili. Rudia mara tano: nafasi yetu ilipanda kama mara 7.6, na pesa ikapanda mara 32. Tulitoka moja kati ya 8,192 tukafika kama moja kati ya 1,079. Tukicheza hivyo kila wiki, hiyo ni zaidi ya miaka 20 na zaidi ya milioni 1.7, tukingoja siku moja ambayo labda tutagawana na wengine.

Najua mtanitajia Mei 2017, milioni 221 zilipoenda kwa jamaa mmoja. Ni kweli, alipatia mechi 17 zote. Lakini huwezi kuamua kuwa peke yako. Ukichagua timu zinazotarajiwa, una nafasi kubwa kidogo lakini mko wengi. Ukichagua maajabu ili usigawane, nafasi yenyewe inapotea. Kila upande unaotoroka, kuna kitu kinakungoja.

Tulikula kibandani kwa deni wiki mbili. Mama wa kibanda alikuwa anatuuliza kama gesi ya hosteli imeharibika, na sisi tunaitikia tu. Rumi bado anacheza, lakini siku hizi ni tiketi moja ya bob 50, bila dabo, na pesa ya gesi nashika mimi. Wiki jana alipata 9. Aliniambia alikaribia.

Wewe umewahi kufika ngapi, na meseji ilisema bob ngapi?