Maneno 40 Tu, Hasira Hazimo

Jamani, kuna binti wa kidato cha nne ufupisho ulikuwa unamtoa jasho. Aliambiwa afupishe habari kwa maneno 40. Sentensi ya kwanza: "Wakulima wa mahindi, viazi na maharage hupata hasara kubwa kwa sababu barabara ni mbovu, hasa wakati wa masika." Yeye akaongezea, "Serikali iamke!" Mwalimu akalifuta: kwenye habari halimo, hata kama ni kweli. Akamwambia atafute nani, kapatwa na nini, kwa nini. Mazao yote matatu yanaingia kwenye "wakulima". Ikabaki: "Ubovu wa barabara huwatia wakulima hasara." Maneno 18 yamekuwa 6. Yaliyobaki 34 ni ya hoja zinazofuata, siyo ya hasira zake.