Kutu Katika Maji ya Kisima

Kisima cha madrasa yetu, kilichochimbwa kwa mashine, kilipotoa maji mara ya kwanza, maji yale yalikuwa maangavu, hayana tope wala rangi, nasi tukamshukuru Mwenyezi Mungu. Haukupita mwezi ila mahali pa kutawadhia pakawa na michirizi ya rangi ya kutu, na kanzu zangu nyeupe zikatoka kufuliwa zina madoa. Ahali yangu akazitia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Madoa yakazidi kukoza!

Nikanunua kichujio cha kufunga kwenye bomba, kwa fedha si haba, wala hakikufaa kitu. Ndipo fundi mmoja mzee aliponiambia nijaze maji ya kisima katika chupa ya kioo, niiache wazi mpaka asubuhi. Kulipokucha maji yalikuwa ya manjano, na chini pametua unga mwekundu.

Sababu yake ni hii. Chini ya ardhi, pasipo hewa, chuma huyeyuka katika maji kama chumvi. Jicho halikioni wala kichujio hakikizuii. Kikikutana na hewa hugeuka chembe za kutu. Klorini nayo hufanya kazi hiyo hiyo kwa haraka, tena ndani ya nyuzi za nguo. Miligramu 0.3 tu katika lita moja zatosha kutia madoa. Basi yapasa kutu ifanyike kwanza, kisha ndiyo ichujwe. Mimi nilianza na la pili.

Tukatengeneza sinia tatu zilizotobolewa matundu, tukazipanga moja juu ya nyingine kwa nafasi ya kama sentimita 30, na ndani yake tukatia vipande vya mawe ya matumbawe. Maji hunyunyizwa juu, yakadondoka sinia hata sinia mpaka katika tangi, yakatulia usiku kucha. Mawe hayo ni ya chokaa, hupunguza ukali wa maji. Na maji makali hukawia sana kufanya kutu. Asubuhi huyatoa kwa bomba lililo juu kidogo ya kitako cha tangi, yakapita katika pipa lenye mchanga wa kina cha sentimita 60 juu ya kokoto.

Maji yakianza kupita polepole, mchanga umejaa kutu. Hapo husukuma maji kutoka chini kwenda juu, yakamwagika nje mpaka yatoke safi. Nilipofanya uvivu wa wiki kadhaa, madoa yalirudi. Ile chupa ya kioo ningali nayo: maji yaliyochujwa yakigeuka manjano ndani yake, hewa haikutosha au maji bado ni makali.

Kanzu zile nilizipaka ndimu na chumvi, nikazianika juani, kisha nikazisuuza sana. Lakini jihadharini, ndimu isichanganywe na dawa ya klorini, kwani hutoa hewa ya sumu. Madoa mapya yalitoka; yale yaliyokwisha kupikwa kwa klorini mengine yamebaki, na kanzu hizo sasa ni za kuoshea tangi.