Simu ya Dirishani

Mwaka 2013 nilihamia chumba cha chini ya ardhi mjini Leicester, Uingereza. Kuta zilikuwa nene za matofali, na simu yangu ilikuwa na makao mamoja tu: ukingo wa kidirisha kilichochungulia njia ya waendao kwa miguu. Pale ilipata mstari mmoja wa netiweki. Nikiichukua kwenda nayo kitandani, mstari unapotea. Mwanangu alipolazwa, hospitali ilinipigia mara tatu usiku. Habari nilizipata alfajiri, katika ujumbe wa sauti, nimesimama barabarani mvua ikinyesha.

Na ndugu zangu wa Tanga tuliandikiana kwa WhatsApp bila taabu. Lakini hospitali haitumii WhatsApp. Inapiga namba.

Mwaka 2015 kampuni za simu za huko zilianza kuruhusu namba yenyewe ipite kwenye waifai. Mimi nilipata simu yenye uwezo huo mwaka uliofuata, nikawasha swichi iliyoandikwa Wi-Fi Calling. Simu hujenga njia iliyofichwa kwa usimbaji, kupitia intaneti ya nyumbani hadi kwenye mitambo ya kampuni, na anayekupigia hajui kama umeacha kutumia mnara. Namba ni ileile.

Nikaendelea kuiweka dirishani, kwa mazoea. Sauti ikawa inakatika vilevile, na simu nyingine hazikuita kabisa. Ajabu, kitandani, pasipo na mstari hata mmoja, niliongea nusu saa bila kukwama! Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa. Dirishani simu iliuona ule mstari mmoja ikaung'ang'ania mnara, japo haukutosha kubeba mazungumzo. Kitandani haikuwa na mnara wa kung'ang'ania, ikahamia waifai. Kwa nyumba kama ile, netiweki dhaifu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Basi nikifika nyumbani naweka hali ya ndege, kisha nawasha waifai peke yake, nangoja neno Wi-Fi litokee kando ya jina la kampuni. Lisipotokea, siwezi kupokea simu ya mtu. Ndivyo nilivyogundua kwamba kwenye makao ya wazee nilikofanya kazi Wi-Fi Calling haikufanya kazi kabisa, ingawa WhatsApp ilipita. Fundi wao alikuta milango ya UDP 500 na 4500, inayotumiwa na ile njia iliyofichwa, imefungwa kwenye waifai ya wageni. Alipoifungua, neno likatokea papo hapo.

Kitu kimoja sikuweza kukirekebisha. Usiku mmoja umeme ulikatika, ruta ikazimika, na mwanangu alikuwa na homa. Nikaondoa hali ya ndege, nikaipeleka simu dirishani, nikangoja ule mstari mmoja.