Miligramu mia kila usiku

Jina la gabapentini linadanganya. Wakemia waliitengeneza makusudi ifanane na GABA, kemikali ambayo ubongo hutumia kutuliza seli zake, na jina likabaki hivyo. Ndiyo maana hata watu waliosoma famasia, ukiwauliza kwa nini dawa hii inaleta usingizi, wengi watakujibu haraka kwamba inafanya kazi kama GABA, kama zile dawa za kulalia. Sivyo. Gabapentini haishiki vipokezi vya GABA. Wala mdogo wake, pregabalini, hashiki.

Nilianza kulifikiria jambo hili kwa makini kwa sababu ya Bibi, mama yake mama yangu, mwenye miaka 71. Mwaka jana alipata mkanda wa jeshi chini ya ziwa la kushoto. Malengelenge yalikauka ndani ya wiki tatu, lakini maumivu hayakuondoka. Hata kanga ikimgusa pale alisema anahisi kama ameunguzwa na pasi. Hospitali ya wilaya wakampa gabapentini ya miligramu 300, moja kutwa mara tatu, kuanzia siku ileile. Siku ya pili mama mdogo akanipigia simu. Bibi analala akiwa ameshika kikombe cha chai, na akisimama anatembea ameachanisha miguu kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Alikwishaanguka mara moja, mlangoni mwa choo.

Nikaomba kuongea naye. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti nzito ya mtu aliyeamshwa.

"Mjukuu wangu," akasema, "maumivu yamepungua, ila na mimi nimepungua."

Kauli hiyo ilikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mwishoni mwa kila neva, pale inapopokezana ujumbe na neva nyingine, kuna milango midogo ya kalsiamu. Umeme ukifika milango inafunguka, kalsiamu inaingia, na neva inamwaga kemikali zake za ujumbe, glutameti ikiwa mojawapo. Milango hii haizaliwi palepale. Inatengenezwa mbali, kwenye mwili wa seli, kisha inasafirishwa hadi mwisho wa neva, na kuna protini inayoisindikiza iitwayo alfa-2-delta. Gabapentini na pregabalini humshika huyo msindikizaji. Mlango haufungwi, ila milango inayofika inakuwa michache, na neva inapunguza sauti.

Neva iliyojeruhiwa huongeza wasindikizaji hawa, na hiyo ni sababu mojawapo inayoifanya ipige kelele bila kuguswa. Kwa hiyo dawa inapunguza sauti pale inapotakiwa. Tatizo ni kwamba alfa-2-delta haiko kwenye neva za maumivu peke yake. Imesambaa katika ubongo, pamoja na sehemu zinazotuweka macho na makini. Ndugu yake wa karibu, alfa-2-delta ya aina ya pili, amejaa kwenye serebelamu, lile fundo la nyuma ya kichwa linalopanga mizani na hatua. Kuna panya wa maabara waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya aina hii ya pili. Wanayumba wakitembea, na watafiti wamewapa jina la bata. Gabapentini hushika aina ya kwanza na ya pili pia. Nilipomsikia mama mdogo akiniigizia mwendo wa Bibi kwenye simu, niliwakumbuka wale panya.

Kwa hiyo usingizi na kizunguzungu havitokani na uchafu ndani ya dawa wala na mwili kuikataa. Ni kazi ileile ya dawa ikifanyika mahali ambapo hatukuiomba. Katika majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye maumivu ya baada ya mkanda wa jeshi, watu 28 katika kila 100 waliopewa gabapentini walipata kizunguzungu, dhidi ya takriban 8 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Waliosinzia walikuwa 21 dhidi ya 5. Namba hizi ni kubwa, lakini zinasema pia kwamba wengi hawakupata.

Sasa, kwa nini kupandisha dozi polepole kusaidie? Jibu la kwanza linalokuja kichwani ni kwamba tunazuia dawa isijae mwilini. Hilo halitoshi. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya gabapentini iliyo kwenye damu hutoka ndani ya saa tano hadi saba. Ukimeza dozi ileile kila siku, kiwango cha damu hutulia baada ya siku moja au mbili. Ingekuwa suala ni damu tu, tungemaliza kupandisha kabla wiki haijaisha. Kinachohitaji muda ni ubongo. Serebelamu hurekebisha mahesabu yake ya mizani kila wakati, kama inavyofanya ukibadilisha miwani, na sehemu zinazotuweka macho nazo huzoea. Kupungua kidogo kwa ujumbe wanaweza kukufidia ndani ya siku chache. Kupungua kukubwa kwa ghafla kunawazidi, na hapo ndipo mtu anaanguka mlangoni. Bahati ni kwamba kwa wagonjwa wengi mazoea haya hupunguza usingizi na kuyumba huku nafuu ya maumivu ikibaki.

Faida ya pili ni ya kawaida zaidi, nayo hupuuzwa. Ukipanda ngazi moja moja, unaweza kusimama kwenye ngazi inayotosha. Ukirukia ya juu, hutajua kama ile ya katikati ingemfaa.

Kwa Bibi kulikuwa na jambo jingine, nalo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ya maabara ambayo mama mdogo alinipigia picha. Kreatinini ilikuwa 97, na pembeni hakukuwa na alama yoyote ya tahadhari. Ukiitazama hivyo, figo ni nzima. Lakini kreatinini hutoka kwenye misuli, na Bibi ana kilo 48. Mwenye misuli kidogo hutoa kreatinini kidogo, hivyo namba yake inaweza kuonekana nzuri wakati figo zimechoka. Kuna hesabu ya zamani ya kukadiria kazi ya figo. Unachukua 140, unatoa umri, unazidisha kwa uzito, kwa mwanamke unazidisha tena kwa 1.04, kisha unagawanya kwa kreatinini. Kwa Bibi, 140 kutoa 71 ni 69. Mara 48, mara 1.04, gawanya kwa 97. Inakuja kama 36, yaani figo zake zinasafisha takriban mililita 36 za damu kwa dakika.

Gabapentini haivunjwi na ini. Yote inayoingia kwenye damu hutoka kwa mkojo, ikiwa nzima. Figo zinazosafisha chini ya mililita 30 kwa dakika zinaweza kurefusha zile saa tano hadi saba zikawa zaidi ya saa 50. Bibi hakuwa amefika huko, ila alikuwa karibu na mpaka. Kwa figo kama zake, mwongozo wa dawa unataka kati ya miligramu 400 na 1,400 kwa siku, zikigawanywa mara mbili, na hata hizo mtu hazifikii siku ya kwanza. Yeye alianza na 900. Mtu mzima mwenye figo nzuri huzifikia siku ya tatu.

Simlaumu sana yule daktari. Mama mdogo anasema foleni ilitoka nje hadi kwenye mwembe.

Kabla ya kuilaumu dawa tulitaka kuhakikisha. Bibi anameza dawa ya presha, na presha ikishuka mtu akisimama nayo huleta kizunguzungu. Muuguzi jirani akampima amelala, kisha baada ya kusimama dakika tatu. Tofauti ilikuwa ndogo. Sukari ilikuwa sawa. Mama mdogo akaandika kwenye daftari saa za kumeza na saa za kuyumba, na mpangilio ukajionyesha: hali ilikuwa mbaya kuanzia kama saa mbili baada ya kila kidonge, muda uleule ambao gabapentini hufika kileleni kwenye damu. Tena aliyumba hata akiwa amekaa. Presha haina tabia hiyo.

Binamu yangu alitaka vidonge vitupwe siku hiyohiyo. Kuacha ghafla baada ya majuma ya kutumia kunaweza kuleta wasiwasi, kukosa usingizi na jasho, na kwa mwenye kifafa degedege, hivyo dawa huteremshwa kwa angalau wiki moja. Bibi alikuwa na siku mbili tu. Daktari, baada ya kuonyeshwa daftari na ile hesabu, alimsimamisha kwa siku mbili kisha akamwanzisha upya na kapsuli za miligramu 100. Kapsuli hizo mama mdogo alizipata duka la tatu. Maduka mengi huweka za 300 peke yake, na nadhani wengi huanzia juu kwa sababu hiyo tu.

Mpango ulikuwa hivi. Miligramu 100 usiku kwa siku tano, ili kilele kimkute kitandani. Kisha 200 usiku kwa siku tano, kisha 300. Baada ya hapo ndipo 100 ya asubuhi ikaongezwa, na kila ngazi ilikuwa na sharti: asipande kama bado anayumba kwa kiwango cha jana. Kwenye 300 aliyumba tena asubuhi tatu mfululizo, kwa hiyo akakaa hapo siku tisa badala ya tano. Siku ya saba daftari linasema, kwa mwandiko wa mama mdogo, "Ameenda kisimani bila fimbo."

Niliulizwa kama pregabalini isingekuwa rahisi zaidi. Kwa namna moja ndiyo, maana inatabirika. Gabapentini huingia mwilini kupitia kibebaji kwenye utumbo, na kibebaji hicho hujaa. Kwa siku ya miligramu 900, kama asilimia 60 huingia. Kwa 3,600, kama asilimia 33 tu. Pregabalini huingia zaidi ya asilimia 90 hata dozi ikikua, hivyo ukizidisha mara mbili, damu nayo inapata mara mbili, na tumbo likiwa tupu kilele hufika ndani ya saa moja hivi. Utumbo haukupunguzii makali. Nayo hutoka kwa figo zilezile, kwa hiyo mzee mwenye figo za 36 angehitaji kupanda polepole vilevile, na bei ni juu zaidi.

Kitu kimoja niliwasihi wasikifanye ni kuongeza kidonge cha tramadoli cha jirani siku ambazo maumivu yanazidi. Dawa za jamii ya afyuni zikikutana na gabapentini kwa mzee, usingizi unaweza kufika hadi kwenye pumzi. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya hilo, ikiwataja wazee na wenye matatizo ya mapafu.

Bibi amesimama kwenye miligramu 500: mia mbili asubuhi, mia tatu usiku. Daktari alisema anaweza kwenda 600, akakataa. Maumivu bado yapo, anasema, lakini kanga anaivaa, na anajua mguu wake unakanyaga wapi.