Sensa haioni mtu aliyetulia

Niseme tu ukweli: ukumbi wa mikutano haufai kuachiwa sensa izime taa yenyewe. Najua watu wa kuokoa stima watanijia kwa komenti. Ngojeni kwanza.

Nilikuwa kibarua kwa fundi wa taa, tukaitwa ukumbi mmoja mkubwa hapa Nairobi. Siku chache kabla, watu walikuwa wamekaa wakiangalia filamu. Taa za dari zilikuwa zimezimwa, zimebaki zile ndogo za ngazi. Baada ya dakika ishirini hivi, hizo nazo zikazimika. Mama mmoja mzee alikuwa ameinuka kwenda msalani. Alikosa ngazi, akavunjika mkono.

Kila mtu alisema sensa imeharibika. Wapi! Ilikuwa inafanya kazi vile ilivyoambiwa. Sensa ya aina hiyo huona joto linalosonga, haihesabu watu. Ukiiweka kwa dari la mita tisa, mtu aliyekaa akigeuza shingo tu, kwake ni kama hakuna mtu. Na zilielekezwa jukwaani na milangoni, kwa hivyo mama akitembea katikati hakuna iliyomwona. Dakika ishirini bila kuona kitu, ikatuma amri: zima zote.

Shida ilikuwa hapo kwa “zote”. Taa za ngazi zilikuwa kundi moja na za dari. Kwa DALI, waya mbili hubeba taa hadi 64, kila moja na anwani yake, 0 hadi 63, na kundi hupangwa kwa programu, si kwa waya. Kwa hivyo kuzitenganisha hakuhitaji kuchimba ukuta. Rahisi, sivyo? Shida ni kwamba mfumo ulipojigawia anwani haukujua taa gani iko wapi. Nambari 17 iko juu ya jukwaa, 18 iko mlangoni nyuma. Aliyefunga hakuacha mchoro. Manze, tulikaa usiku mzima: mkubwa wangu anabonyeza laptopu, taa moja inamweka, mimi nakimbia nikipiga kelele “ngazi ya tatu, kushoto!” naandika kwa daftari. Taa 58.

Tulipozipata, tukazipa kundi lao ambalo sensa haiguzi. Kisha tukapanga upya sini ya filamu: dari 0, ngazi 170. Usishtuke, kipimo kinaishia 254 lakini kimepindwa kufuata jicho, kwa hivyo 170 ni kama asilimia 10 tu ya mwanga. Sini hiyo ikiwashwa, sensa za ukumbi zinanyamazishwa. Zinaamshwa mhudumu akibonyeza “Mwisho” watu wakishatoka. Vyoo na korido tuliziachia sensa, huko hakuna mtu anakaa kimya saa nzima. Sawa, chooni labda.

Meneja aliuliza kama bili itapanda. Nikamwonyesha zile taa za ngazi, zikiwa asilimia 10.