Bima ya Mkopo Ilikuwepo, Lakini Mguu Haukuwa Umevunjika Vya Kutosha

Wasee, kama kuna mtu kwenu analipa mkopo wa miaka mingi na ni yeye peke yake ana mshahara, muulize leo: ukivunjika mguu kesho, nani atalipa? Najua atakachojibu. "Mkopo uko na bima." Hata kaka yangu alijibu hivyo.

Kaka ni fundi wa umeme, ameajiriwa na kampuni moja hapa Nairobi. Anapeleka nyumbani kama elfu 48 kwa mwezi. Mamangu, ada ya mdogo wetu na mimi chuoni, sote tuko kwa hiyo hiyo elfu 48. Alikuwa amechukua milioni moja benki kwa riba ya asilimia 15, alipe kwa miaka 6. Kila mwezi zinaenda elfu 21 na ushee.

Jumapili moja boda aliyokuwa amebebwa ikagongwa. Mfupa wa paja ukavunjika. Daktari akasema miezi 7 bila kupanda ngazi, na fundi wa umeme asiyepanda ngazi ni fundi wa kukaa kejani tu.

Benki ikasema pole, ila bima ya mkopo inalipa kwa mambo mawili: kifo, au ulemavu kamili wa kudumu. Mguu wake ungepona, kwa hivyo haikuwa na chochote cha kulipa. Na kusema ukweli, hawakumdanganya. Hiyo bima kazi yake kubwa ni kuhakikisha deni la benki halibaki hewani ukifa. Mfuko wako wa unga haumo.

Basi kazini je? Kuna sheria ya fidia ya kuumia kazini, WIBA ya 2007. Ukiumia ukiwa kazini na ushindwe kufanya kazi kwa muda, inaweza kukulipa hadi miezi 12. Lakini yeye aliumia Jumapili, akiwa na shughuli zake. Hapo WIBA haimjui. Likizo ya ugonjwa nayo, sheria ya ajira inamlazimu mwajiri akupe angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka. Kampuni yake ilikuwa na roho nzuri, ikamlipa mwezi mzima na nusu ya wa pili. SHA ni ya hospitali, hailipi kodi ya nyumba.

Miezi 7 mara elfu 21 ni kama elfu 148 za mkopo peke yake, kabla hatujanunua hata sukari.

Sasa, bima ambayo ingemsaidia ipo, na watu wengi hawaijui. Ni bima ya ajali binafsi, yenye kipengele cha ulemavu wa muda. Inakulipa kila wiki ukiwa umeshindwa kufanya kazi. Piga hesabu hivi: malipo ya mkopo ya mwezi mara 12, gawa kwa 52. Kwa kaka ni kama 4,880 kwa wiki, kwa hivyo angeomba kinga ya elfu 5. Tuseme wiki 2 za kwanza hazilipwi, maana bima kama hizi huwa na kipindi cha kungoja. Miezi 7 ni wiki 30, zinabaki 28. Hizo ni elfu 140. Mkopo karibu wote umejisimamia, na ule mshahara wa mwezi na nusu unanunua chakula.

Lakini soma fomu vizuri, mse. Ziko bima ambazo zinakataa ajali za pikipiki au zinataka uongeze pesa, na hii Nairobi nani hapandi boda? Angalia pia wanasema ulemavu ni nini. Kama ni kushindwa "kazi yako", fundi aliyepoteza nguvu ya mkono analipwa. Kama ni kushindwa "kazi yoyote", watakwambia unaweza kuuza kredo. Na ajali ni ajali tu: figo zikikwama hailipi. Ugonjwa una bima yake nyingine, ya magonjwa mahututi, inayotoa pesa mara moja ukipatikana na ugonjwa ulio kwa orodha yao.

Kilichomwokoa kaka kidogo ni kwamba aliandikia benki barua wiki ya tatu, akiambatanisha ya daktari, kabla deni halijafika siku 90 na jina kupelekwa CRB. Wakamwongezea muda. Riba haikulala hata siku moja, kwa hivyo atalipa zaidi na atamaliza baadaye. Juzi ajenti wa bima alikuja kejani na fomu. Kaka alianza na ukurasa wa mwisho, akitafuta neno pikipiki.